Mke wa Nani? Malkia Arwa wa Yemen na Vyeo Vinavyotatanisha Taarikhi Yake



Wengi wetu ambao nasaba zetu zinapita Yemen kabla ya kufika Unguja, Mombasa au Lamu tumekwisha kumsikia Malkia Arwa. Katika vitabu vya mukhtasari hutajwa kwa mstari mmoja tu, na kwa kawaida mstari huo husema hivi: Arwa alikuwa mke wa Mukarram, mfalme wa Yemen, alitawala tangu mwaka 1067 hadi 1138, aliolewa mara ya pili na Saba, jina lake jingine ni Sayyida Hurra. Hakuna neno hapo lililobuniwa, na hata hivyo msomaji akiuamini mstari ule kama ulivyo atatoka na picha isiyo sahihi. Atadhani utawala wake ulitokana na ndoa, atadhani mume wa pili alikuwa mfalme, na atadhani jina lake ni Hurra. Nimeona nilieleze jambo hili kwa utaratibu, kwa kuwa matata yale yale hujitokeza katika shajara zetu wenyewe tunapoandika habari za bibi zetu.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiarabu mfalme ni malik na mwanamke wake ni malika. Na mwanamke mwenye kutawala mwenyewe pia ni malika. Kiswahili kimelirithi neno hilo pamoja na utata wake: tukisema malkia, msikilizaji hajui kama twakusudia mke wa mfalme au mfalme aliye mwanamke. Ndiyo maana baadhi ya wazee wetu walisema mfalme mwanamke walipotaka kuondoa shaka. Mwandishi wa mukhtasari hana nafasi ya kufafanua. Huandika malkia, kisha huongeza jina la mume, na msomaji huhitimisha kwamba la pili ndilo sababu ya la kwanza.

Kwa Arwa mambo hayakuwa hivyo. Alizaliwa mwaka 440 wa Hijria katika nyumba ya Wasulayhi, watu wa milima ya Haraz, magharibi ya Sana'a. Baba yake, Ahmad bin Jaafar, alikuwa Msulayhi kwa damu, na alifariki binti yake akiwa mdogo. Mtoto akalelewa katika nyumba ya Ali bin Muhammad as-Sulayhi, mwasisi wa dola ile, na mkewe Asma binti Shihab. Ali ndiye aliyesimamisha daawa ya Waismailia juu ya mlima Masar, akaiteka Yemen karibu yote kwa jina la khalifa wa Kifatimi aliyekuwa Kairo. Kwa hiyo Arwa hakuingia katika ukoo wa kifalme kwa mlango wa ndoa. Alikuwa mtu wa ukoo huo tangu kuzaliwa, akafunzwa ndani yake, kisha akaolewa na mtoto wa mwenye nyumba, Ahmad, aliyeitwa al-Mukarram.

Hapa nitaje jambo dogo la tarehe, kwani limeleta ubishi usio na maana. Vitabu vingine huandika kuwa alizaliwa 1048 na vingine 1049. Ndoa yake vingine huiweka 1065 na vingine 1066. Si kwamba waandishi wamehitilafiana. Mwaka 440 wa Hijria ulianza katikati ya 1048 ukaisha katikati ya 1049, na mwaka 458, ambao ndio wa ndoa, ulianza Disemba 1065. Anayegeuza mwaka wa Hijria kuwa wa Miladi bila ya kuujua mwezi hulazimika kuchagua mmoja kati ya miwili. Mkiona tofauti ya mwaka mmoja katika shajara, tazameni kwanza kama ni jambo hili.

Alipoolewa, Ali as-Sulayhi alimwekea mapato ya Aden kuwa mahari yake. Mwanahistoria Umara al-Yamani, aliyezaliwa Yemen na kufa Kairo mwaka 1174, anasema mapato hayo yalikuwa dinari 100,000 kwa mwaka. Tafadhali mlifikirie hili vizuri. Aden ilikuwa bandari ya marikebu za Bahari ya Hindi, na ushuru wake ulikuwa miongoni mwa mali kubwa kabisa za dola. Bibi arusi wa miaka kumi na saba au kumi na minane akawa na haki ya mali hiyo kwa jina lake mwenyewe, wakati mumewe hajawa mfalme bado. Neno mahari katika mukhtasari humfanya msomaji afikirie vikuku na mikufu, lakini mahari hii ilikuwa ni hazina ya serikali.

Sasa tuje kwenye suali linalowachanganya watu zaidi ya yote: alianza kutawala lini? Vitabu vinatoa miaka tofauti, na kila mmoja una sababu yake.

Anayeandika 1067 anahesabu tangu Ali as-Sulayhi alipouawa njiani akielekea Makka. Aliyemwua ni Said al-Ahwal, wa watawala wa Zabid, mahasimu wa Wasulayhi. Mukarram akashika nafasi ya baba yake. (Umara anaiweka mauti ya Ali mwaka 473 wa Hijria, yaani kama miaka kumi na minne baadaye, na hilo limezidisha mchafuko.) Lakini katika mwaka 1067 mtawala alikuwa Mukarram, na mwanamke mwenye nguvu katika nyumba ile hakuwa Arwa bali mama mkwe wake, Asma. Asma alitekwa siku ile mumewe alipouawa, akakaa kifungoni Zabid mpaka mwanawe alipokwenda na jeshi akamkomboa. Baada ya kurudi Sana'a aliendesha mambo ya dola pamoja na mwanawe mpaka alipofariki mwaka 467 wa Hijria, sawa na 1074 au 1075.

Anayeandika 1074 anahesabu tangu mauti ya Asma. Mukarram alikuwa amepatwa na ugonjwa wa kupooza, akajitenga na kazi za utawala, na akamkabidhi mkewe mambo yote. Hapo ndipo Arwa alipoanza kutawala kwa vitendo. Ndiye aliyehamisha makao kutoka Sana'a kwenda Dhu Jibla, mji mdogo katika nyanda zenye rutuba za kusini. Masimulizi yanasema alimtaka mumewe awakusanye watu wa Sana'a na kuwatazama, akaona panga na mikuki. Kisha akamtaka awakusanye watu wa Jibla, akaona watu wanaoongoza kondoo na kubeba nafaka. Akasema kwamba maisha kati ya hawa ni bora. Iwe ilikuwa hivyo au masimulizi yameipamba, kuhama kulikuwa kweli, na Jibla ikabaki mji wake hadi kufa.

Anayeandika 1084 anahesabu tangu mauti ya Mukarram, mwaka 477 wa Hijria. Na hapo pia pana kitu cha kuangalia. Aliyetangazwa kurithi hakuwa Arwa bali mwanawe mdogo, Ali, aliyepewa jina la Abdul-Mustansir kwa heshima ya khalifa al-Mustansir wa Kairo. Kwa karatasi, basi, Arwa alikuwa mama mlezi wa mfalme mtoto. Mtoto huyo na mdogo wake Muhammad wakafariki wakingali vijana, na hapo hapakubaki tena mwanamume wa kusimama mbele ya jina lake. Aliendelea kutawala hadi alipofariki tarehe 22 Shaaban 532, yaani mwezi wa Mei mwaka 1138, akiwa na umri wa miaka 92 kwa hesabu ya Hijria, au karibu miaka 89 kwa hesabu ya jua.

Mnaona basi kwamba mwandishi mmoja ataandika kuwa alitawala miaka 71, mwingine 64, mwingine 54, na wote watatu watakuwa na hoja. Alipita katika hali nne mfululizo: mke wa mfalme asiyekuwa na madaraka; mke wa mfalme mwenye madaraka yote; mama mlezi wa mfalme mtoto; na mwisho mtawala peke yake. Mukhtasari wenye nafasi ya neno moja huchagua mke, kwa kuwa ndilo la kwanza katika mpangilio wa miaka, ingawa hali hiyo ilidumu miaka michache tu kama tunakusudia mke asiye na madaraka.

Tuje kwa mume wa pili, Saba bin Ahmad. Saba alikuwa Msulayhi pia, mtu wa ngome ya Ashyah, kiongozi wa vita na daawa, na baada ya Mukarram alitaka kumwoa Arwa. Arwa akakataa, na pakatokea mapigano baina ya watu wa pande mbili. Saba akapeleka ombi lake Kairo. Umara anasimulia kwamba khalifa al-Mustansir alituma mjumbe kutamka ndoa hiyo kwa mahari ya dinari 100,000 na vitu vya thamani ya dinari 50,000, na kwamba Arwa alikubali kwa kuwa amri ilitoka kwa Imamu wake, si kwa kumtaka Saba. Saba akaja Jibla kwa shangwe kubwa. Masimulizi ya Yemen yanasema kuwa hawakuishi kamwe kama mke na mume, akarudi kwenye ngome yake na ndoa ikabaki ya jina. Saba alifariki karibu na mwaka 1098.

Vitabu vifupi vikisema kuwa Arwa aliolewa na Saba, msomaji hudhani Saba akawa mfalme. Hakuwa. Alikuwa mkuu wa jeshi na mtu wa daawa, akipigana na watu wa Zabid katika tambarare za Tihama, naye Arwa akabaki Jibla akiendesha dola. Hata katika suala la ndoa, tazameni nani aliandikiwa nini: ombi lilitoka kwa Saba, amri ilitoka kwa khalifa, na idhini ilihitajika kwa Arwa. Mke wa mfalme haombwi kwa namna hiyo. Anayeombwa hivyo ni mwenye mali na mamlaka, ambayo mume anataraji kuyafikia kupitia kwake. Baada ya Saba, Arwa aliwatumia wasimamizi mbalimbali, mashuhuri wao al-Mufaddal bin Abil-Barakat, na hakuolewa tena.

Sasa vyeo. Hapa ndipo lugha yetu inapotusaidia, kwa sababu maneno yenyewe tunayo.

As-Sayyida ni bibi mkubwa, mwenye heshima, na watu wa Unguja hawahitaji kuelezwa namna neno hilo lilivyotumika katika nyumba za kifalme. Umara anamwita hivyo hasa, as-Sayyida binti Ahmad, kana kwamba ndilo jina lake. Jina la Arwa ndilo lililoenea zaidi katika vitabu vya leo.

Al-Hurra linatokana na shina lile lile lililotupa neno letu huru. Maana yake ni mwanamke muungwana, asiye mtumwa na asiye chini ya mtu. Katika Yemen ya zama zile lilikuwa cheo cha heshima kwa wanawake wa nyumba tukufu. Asma, mama mkwe, naye aliitwa al-Hurra. Kwa hiyo msomaji akikuta habari ya al-Hurra wa Wasulayhi na hakuna mwaka, asiharakishe kusema ni Arwa. Habari ya kifungo cha Zabid, kwa mfano, ni ya Asma, na mara nyingi nimeiona ikihamishiwa kwa mkwewe. Zaidi ya hayo, karne nne baadaye kulikuwa na Sayyida al-Hurra mwingine, mtawala wa mji wa Tetuan, Moroko, ambaye alimrithi mumewe katika kuutawala mji, kisha mwaka 1541 sultani wa Fas, Ahmad al-Wattasi, akasafiri kumfuata Tetuan ili ndoa yao ifungwe huko. Wanawake hao wawili wana cheo kimoja, kila mmoja ana waume wawili, na kila mmoja alitawala mwenyewe. Ni rahisi mno habari zao kuingiliana kwa asiyetazama mji na karne.

Wako pia waliompa Arwa lakabu ya Balkisi Mdogo, kwa kumfananisha na malkia wa Sabaa wa Qurani. Hiyo ni sifa ya wapenzi wake na haikuwa cheo cha serikali, wala haithibitishi nasaba baina ya wawili hao.

Cheo chenye uzito mkubwa kuliko vyote ni kile kinachotajwa mara chache zaidi: huja. Katika mpangilio wa daawa ya Kiismailia, huja ni daraja ya juu sana, ni dalili hai ya Imamu katika nchi fulani, na walio chini yake ni madai. Arwa alipewa daraja hii na al-Mustansir. Baadhi ya watu waliuliza iweje mwanamke apewe, na mwanachuoni aliyekuwa mtu wake, al-Khattab bin al-Hasan, akaandika kumtetea, akisema kwamba umbo la kike au la kiume ni kama vazi tu, na kinachotazamwa ni daraja ya nafsi. Hakuna mke wa mfalme, awe na nguvu kiasi gani, anayepata daraja ya huja kwa sababu ya mumewe, na Mukarram hakuwa na uwezo wa kumrithisha. Barua za kutoka Kairo, ziitwazo sijilli, zilimwandikia kwa msururu wa vyeo: al-Hurra, al-Malika, as-Sayyida, nguzo ya waumini, na vinginevyo. Anayeyasoma haya kwa Kiarabu huona mara moja kwamba anayeandikiwa ni mkuu wa nchi.

Daraja hiyo ilikuja kuwa na athari iliyotufikia mpaka pwani yetu. Khalifa al-Amir alipouawa Kairo mwaka 1130, pakatokea hitilafu juu ya mrithi. Arwa alishikamana na mtoto mchanga wa al-Amir, at-Tayyib, akakata uhusiano na Kairo, na akamweka Dhuayb bin Musa kuongoza daawa kwa niaba ya Imamu aliyefichika. Huyo ndiye wa kwanza katika silsila ya madai ambayo Mabohora wanaifuata hadi leo. Kila msikiti wa Mabohora mliyeupita Unguja au Mombasa mlipokuwa watoto umesimama juu ya uamuzi wa mwanamke mzee wa miaka zaidi ya themanini, aliyekuwa mlimani Jibla. Uamuzi kama huo hauwezi kuelezwa kwa maneno mke wa Mukarram, kwani Mukarram alikuwa amekwisha kuwa kaburini kwa zaidi ya miaka arubaini.

Ni haki kutaja pia mipaka yake, ili tusimpe zaidi ya alichokuwa nacho. Kumwita malkia wa Yemen yote mpaka 1138 si sawa. Baada ya kufa Saba, Sana'a ilitoka mikononi mwa Wasulayhi ikashikwa na mabwana wa kabila la Hamdan. Aden nayo ilikuwa chini ya magavana wa ukoo wa Zuray, ambao walileta zile dinari 100,000 kwa muda, kisha wakasita. Al-Mufaddal akaenda kupigana nao, wakapatana kulipa nusu. Baadaye nusu hiyo ikapunguzwa tena kuwa 25,000. Mwisho wakaacha kulipa kabisa. Ukiufuata mteremko wa mahari ile ya Aden, toka laki moja hadi sifuri, unaona dola ikipungua wakati daawa inakua. Alipofariki alizikwa katika msikiti aliouamuru kujengwa Jibla, na dola ya Wasulayhi ikamalizika pamoja naye.

Kwa ndugu wanaokusanya habari za koo zao, nashauri kila mwanamke mwenye cheo katika shajara aulizwe masuali manne kabla ya kuandikwa mke wa fulani. Alizaliwa katika nyumba gani kabla ya kuolewa? Mali yake ilikuwa kwa jina la nani? Barua na hati za wakati wake zilimwandikia yeye au zilimwandikia mumewe? Na alifanya nini baada ya mume kufa? Kwa Arwa majibu yote manne yanaelekea upande mmoja. Kwa mwanamke mwingine huenda yakatofautiana, na hapo mwandishi aeleze tofauti hiyo kwa sentensi mbili badala ya moja. Na mahali penye cheo kama Sayyida, Hurra au Bibi pasiwe na jina, aache nafasi tupu kwenye karatasi wala asikigeuze cheo kuwa jina, maana anayekuja baada yake hatajua tena kuwa hapo pana mtu wa kutafutwa.

Wabillahi tawfiq.